Kusimamisha Malipo Si Kuvunja Mkataba

Wateja wetu wengi wakichoka na huduma fulani hufanya jambo moja: wanasimamisha malipo ya kila mwezi kwenye simu, kisha wanafikiri mambo yameisha. Hayajaisha. Sisi tunasimamisha pesa isitoke, lakini mkataba wako na kampuni ile uko palepale na bili zinaendelea kupanda.

Chukua mfano wa mama mwenye duka la nguo Thika, anayelipia king'ora na kamera shilingi 3,500 kwa mwezi. Mkataba wake wa miezi 24 uliisha, ukaendelea mwezi kwa mwezi hadi atoe notisi ya siku 30 kwa maandishi. Alipiga simu mara nne, kila mara akaambiwa, "Tutakupigia." Desemba akasimamisha malipo. Kufikia Februari alikuwa na deni la shilingi 10,500, na ilibidi alilipe, kwa sababu simu haikuwa notisi.

Ndipo akaandika barua ya mistari michache: jina, nambari ya mkataba, kifungu cha notisi, na sentensi moja wazi: "Ninavunja mkataba huu, notisi ya siku 30 ianze siku mtakapopokea barua hii." Usiandike "naomba kuvunja", maana ombi linaweza kukataliwa.

Alichapisha nakala mbili na kuzipeleka ofisini. Moja ilikuwa ibaki huko, nyingine irudi na muhuri, tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Pale mapokezi akaambiwa, "Meneja hayuko, wacha tu hapa." Hakuiacha. Aliituma kwa EMS ya Posta, na pia kwa baruapepe iliyoandikwa kwenye mkataba.

Hapa ndipo watu huteleza. Risiti ya kutuma inaonyesha tu kwamba ulituma. Siku 30 zinahesabiwa tangu kupokelewa, kwa hivyo alirudi Posta kuomba uthibitisho wenye sahihi ya mpokeaji. Barua ilipokelewa tarehe 4 Machi. Siku ya kwanza ya notisi ikawa 5 Machi, ya mwisho 3 Aprili.

Mei kampuni ilidai shilingi 7,000 za Aprili na Mei. Akawatumia nakala ya barua na ile sahihi. Alichodaiwa kihalali ni siku tatu za Aprili, yaani shilingi 350. Alilipa hizo, akarudisha kamera, na kuchukua hati yenye nambari ya kila kifaa.

Ukiwa bado ndani ya ile miezi 24, ushahidi huu hauondoi ada ya kuvunja mkataba mapema kama umeikubali. Lakini unazuia bili zisiendelee. Ukilazimika kufika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, beba barua, sahihi ya mpokeaji na taarifa ya malipo kutoka kwenye simu yako.