Lori Litoke, Sura Ibaki

Tinde ni njia panda: ukitoka Nzega, barabara moja inakwenda Shinyanga na Mwanza, nyingine Kahama. Kwa hiyo picha ya harusi ya nje hukosa lori nyuma ya maharusi kwa bahati tu. Kuliondoa kwa akili mnemba ni rahisi. Kinachotofautiana ni gharama, na hali ya picha inayobaki.

Njia ya bei ndogo ni kupakia picha nzima na kuandika "ondoa lori". Tatizo ni kwamba programu nyingi za aina hii hazifuti lori peke yake, huichora upya picha yote. Tazama maandishi ya kanga ya shangazi aliyesimama pembeni: herufi huyeyuka. Uso wa bi harusi nao hufanana naye kama dada yake. Tena picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 yaweza kurudi ikiwa 1024 kwa 768, yaani karibu moja ya kumi na tano ya pikseli zake. Kwa stetasi ya WhatsApp inatosha. Kwa fremu ya A4 ni hasara.

Ningechagua GIMP, ambayo ni ya bure, mradi kompyuta ipo. Kata kipande cha 1024 kwa 1024 chenye lori na nafasi kidogo kulizunguka, andika kona yake ya juu kushoto iko wapi, tuseme 2600 na 900, kisha tuma hicho tu kwa programu ile ya akili mnemba. Bando nalo huliwa kidogo. Kikirudi, hakikisha kina ukubwa uleule, kifungue kwa `Open as Layers` juu ya picha ya awali na ukiweke pale pale. Weka modi ya `Difference`: pasipobadilika huwa peusi. Utaona vumbi la mwanga hata mbali na lori, ndiyo pikseli zilizoguswa bila ruhusa. Kingo za nguo zikionekana kama mistari miwili, kipande kimeteleza, kisogeze.

Rudisha `Normal`, ongeza `Layer Mask` nyeusi, kisha paka rangi nyeupe kwa brashi laini palipokuwa na lori, pamoja na kivuli chake chini. Kivuli husahaulika sana. Nje ya hapo picha ni ileile iliyopigwa.

Photoshop ya kulipia kwa mwezi ina `Generative Fill`, ambayo huweka kipande kwenye tabaka lake yenyewe. Inaokoa muda, lakini inataka intaneti na malipo hata mwezi usio na harusi. Kwa studio ya kazi chache sioni faida.

Mteja akitaka mchana ugeuke jioni, kubandika hakusaidii, kwa sababu mwanga hugusa kila kitu. Na ukimaliza, hifadhi kwa PNG. JPEG hubana upya picha nzima, hata ulipopalinda.