Mzunguko wa pili wa Rudisha

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2012, katika Uwanja wa Olimpiki wa London, Mkenya David Rudisha aliongoza fainali ya mita 800 tangu bastola ilipolia hadi mwisho, bila mtu wa kumvutia kasi. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia aliyokuwa ameiweka mwenyewe. Lakini ukizitazama saa zake kwa makini utaona jambo la ajabu. Mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28, wa pili sekunde 51.63. Mita 200 za kwanza alizimaliza kabla ya sekunde 24, na za mwisho zikamla sekunde 26.61. Bingwa alikuwa anapunguza kasi. Waliokuwa nyuma yake nao walipunguza, na ndivyo zilivyo mbio hizi: yule tunayesema amefyatuka mwishoni mara nyingi ni yule aliyechoka polepole kuliko wenzake.

Ukielewa kwa nini alipunguza, umeelewa tofauti ya mazoezi ya aerobiki na ya anaerobiki.

Msuli unapojikunja hutumia kemikali moja tu, ATP. Akiba yake ni ndogo mno, ya sekunde chache. Pembeni yake kuna akiba nyingine, kreatini fosfeti, inayoweza kuirudisha ATP upesi. Zote mbili zikitumika kwa nguvu zote, kufika sekunde ya 10 hivi zimekwisha. Hapo msuli hugeukia sukari iliyohifadhiwa ndani yake na kuivunja harakaharaka bila kungoja oksijeni. Hii ndiyo njia ya anaerobiki. Ina kasi, ila ina hasara: kila chembe ya glukosi huzaa ATP 2 tu, na kazi hiyo huambatana na lakteti na asidi inayoufanya msuli uungue na kuwa mzito. Njia ya aerobiki huichoma glukosi hiyohiyo kwa oksijeni ndani ya mitokondria, ikapata ATP kama 30. Inaweza pia kuchoma mafuta, jambo ambalo njia ile nyingine haliwezi kabisa. Kasoro yake ni uvivu wa kuanza. Moyo na mapafu huhitaji dakika moja au mbili kuongeza kasi hadi oksijeni ifike misulini kwa wingi unaotakiwa.

Kwa hiyo mwili hukopa. Rudisha alipochomoka, oksijeni ilikuwa bado njiani, na misuli yake ikaishi kwa mkopo. Wanafiziolojia wa zamani waliita hali hiyo deni la oksijeni, na sehemu yake hulipwa baada ya utepe, mkimbiaji anapohema ameinama, mikono magotini. Kufika mzunguko wa pili oksijeni ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya kazi, lakini peke yake haikuweza kuibeba kasi ile, na asidi ilikuwa imejaa miguuni. Ukijumlisha mbio nzima, zaidi ya nusu ya nguvu za mita 800 hutoka njia ya aerobiki. Ndiyo maana mkimbiaji wa mbio hizi hawezi kuchagua upande mmoja. Mita 100 ni karibu anaerobiki tupu, marathoni ni karibu aerobiki tupu, na mita 800 zinamdai mtu yote mawili.

Hapa nisahihishe mambo mawili. Anaerobiki haina maana ya kubana pumzi. Unavuta hewa kama kawaida, ila mahitaji ya msuli yameuzidi uwezo wa damu kuleta oksijeni. Wala aerobiki si ile ngoma ya muziki mkubwa kwenye jimu peke yake. Kutembea kwa haraka kwenda kituo cha basi ni aerobiki, na kulima kwa mwendo wa wastani pia.

Mpaka kati ya hizo mbili hauhitaji mashine kuujua. Waliopita JKT au shule za Tanzania wanaukumbuka mchakamchaka wa alfajiri: mmoja anaimba, kundi linaitikia, miguu inafuata. Anayeitikia bila shida yuko upande wa aerobiki. Yule ambaye sauti imeanza kukatika, anaitikia neno moja na kuacha la pili, ameukaribia mpaka. Aliyenyamaza kabisa ameuvuka, na hatafika mbali kabla ya kuanza kutembea. Sidhani aliyeubuni mchakamchaka aliwaza habari za lakteti, lakini wimbo ule ni kipimo kizuri kuliko saa nyingi za mkononi.

Kila njia huacha alama yake mwilini. Ukikimbia taratibu, kuogelea au kuendesha baiskeli kwa miezi, moyo hupanuka kidogo na kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mtu aliyekaa huhitaji kama lita 5 za damu kwa dakika. Moyo unaotoa mililita 70 kwa pigo utapiga mara 70 hivi kuzifikisha. Ukiweza kutoa mililita 100, mapigo 50 yanatosha, na wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu hufika 40 hivi. Hata mapigo 10 tu yakipungua kwa dakika, moyo umepumzishwa mapigo 14,400 kwa siku. Misulini nako mishipa midogo ya damu huongezeka, na mitokondria pia. Pima mwenyewe: hesabu mapigo asubuhi kabla ya kuamka kitandani, kisha rudia baada ya miezi mitatu.

Kunyanyua vyuma, kupiga pushapu au kukimbia kwa kasi kupanda mlima hujenga kingine. Wiki za kwanza nguvu huongezeka kabla msuli haujanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Baadaye nyuzi zenyewe hunenepa, na mifupa inayovutwa nazo huimarika. Msuli pia ndio ghala kubwa la sukari mwilini, kama gramu 400 kwa mtu wa kawaida, na ghala linalotumika huvuta sukari kutoka kwenye damu. Kwa mwenye kisukari cha ukubwani hilo si jambo dogo. Na kwa kuwa misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, mzee anayetembea kila siku bila kubeba chochote anaweza kuwa na pumzi nzuri na bado akashindwa kuinuka mkekani.

Yale maumivu ya siku ya pili hayatokani na lakteti, ingawa makocha wengi bado wanaisingizia. Lakteti huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi, na moyo huila kama chakula. Kinachouma ni michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli, ndiyo maana kushuka mlima huuma kesho yake kuliko kuupanda.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani ya aerobiki kwa wiki, na siku 2 za kutia misuli nguvu. Kama una shinikizo la damu, muone daktari kabla ya kuanza kunyanyua vitu vizito, na unaponyanyua usibane pumzi: toa hewa unapoinua, vuta unaposhusha. Kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo ghafla, hata kwa mtu mzima wa afya.