Jedwali Linalokukumbusha cha Kurudia

Muhtasari wa kozi ya baiolojia unaweza kusema: “Mwanafunzi aweze kueleza mitosisi na kuilinganisha na meiosisi.” Hayo ni malengo mawili. Yape mistari miwili katika jedwali la kompyuta, maana wengi hueleza vizuri, kisha hukwama kwenye kulinganisha. Safu A iwe lengo, B kiwango cha kujiamini kuanzia 1 hadi 5, C tarehe uliyolipitia. Katika D2 andika:

```
=C2+CHOOSE(B2,1,3,7,14,30)
```

Ukijipa 2 tarehe 4 Machi, D2 itakurudisha tarehe 7. Ikitokea namba kama 45800, badili muundo wa seli uwe tarehe.

Jipe alama baada ya kujibu bila daftari. Ukijipima papo hapo baada ya kusoma, kila kitu huonekana chepesi, na lengo usilolimudu husogezwa mwezi mzima mbele.