WEP, WPA2 au WPA3: Mwizi wa Wi-Fi Anahitaji Nini Ili Aingie?

Mwaka 2005 wadukuzi walijipenyeza kwenye Wi-Fi ya maduka ya Marshalls nchini Marekani, mali ya kampuni ya TJX. Hawakuhitaji kuvunja mlango. Walinasa mawimbi ya mtandao, wakapata ufunguo wake, kisha wakasonga hadi kwenye kompyuta kuu za kampuni. Wizi ulipotangazwa mwaka 2007, TJX ilikiri kwamba taarifa za kadi za benki zisizopungua milioni 45 zilikuwa zimechukuliwa. Wi-Fi ile ilikuwa inalindwa na WEP, ingawa kinga bora zaidi ilikuwepo tangu 2003.

WEP ni kinga ya mwaka 1997, na kasoro yake imo kwenye muundo wenyewe. Kila pakiti ya data hufichwa kwa ufunguo wa siri ukiunganishwa na namba fupi, na namba hiyo hurushwa hewani wazi, kila mtu akiiona. Namba zenyewe ni takriban milioni 17 tu, hivyo mtandao wenye shughuli nyingi huzimaliza kwa saa chache na kuanza kuzirudia. Baya zaidi, baadhi ya pakiti huvujisha vipande vya ufunguo. Udhaifu huo ulianikwa na wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, mwaka 2001. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba ufunguo wa WEP hupatikana kwa muda usiozidi dakika moja.

Kwa hiyo kuweka nywila ngumu kwenye WEP hakusaidii kitu. Mwizi habahatishi nywila. Anakusanya pakiti za kutosha, kisha anaukokotoa ufunguo wenyewe.

WPA ya mwaka 2003 ilikuwa suluhisho la dharura. Ilitengenezwa ili vifaa vilevile vya zamani viendelee kutumika, kwa njia ya kuficha data iitwayo TKIP. Mwaka mmoja baadaye ikaja WPA2 pamoja na AES, njia ambayo mpaka leo haijavunjwa. TKIP nayo imeshapitwa na wakati, na rauta ikiwekwa kwenye TKIP peke yake hata kasi ya Wi-Fi hushuka.

Hapa ndipo nywila inapoanza kuwa na uzito. Simu inapojiunga na mtandao wa WPA2, hupeana na rauta ujumbe mfupi wa kuthibitishana. Mwizi aliye karibu anaweza kuunasa ujumbe huo, akaenda nao kwake na kujaribu nywila moja baada ya nyingine bila rauta kujua lolote. Chukua mtu aliyeweka namba yake ya simu ya tarakimu kumi inayoanza na 07. Tarakimu zisizojulikana ni nane, yaani namba milioni 100. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo hujaribu nywila laki nne kwa sekunde, na namba zote hizo huisha kwa dakika nne na ushei. Nywila ya maneno matano au sita yasiyohusiana ingemchosha mwizi huyohuyo kwa miaka mingi.

WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, imeziba mwanya huo. Ujumbe wa kuthibitishana hauna tena kitu cha kwenda kukipima nyumbani. Kila jaribio lazima lifanyike mbele ya rauta, moja moja. Hata mwenye nywila ya wastani anapata nafuu.

Ukifungua ukurasa wa mipangilio ya rauta, sehemu ya usalama wa Wi-Fi, chagua `WPA3-Personal` ikiwa vifaa vyako vyote vinaikubali. Ikiwa kuna simu au printa ya zamani, `WPA2/WPA3-Personal` huwapokea wote, ingawa vifaa vinavyoingia kwa WPA2 hubaki na udhaifu wake. Rauta isiyo na WPA3 iwekwe `WPA2-PSK` na `AES`, siyo `TKIP` wala `WPA/WPA2` mchanganyiko. Chaguo lenye neno `Enterprise` ni la ofisi na vyuo, ambako kila mtumiaji ana akaunti yake, hivyo mfanyakazi akiondoka hufungiwa peke yake bila kubadilisha nywila ya wote. Zima pia WPS ya kutumia PIN: mwaka 2011 iligundulika kwamba PIN yake ya tarakimu nane hupatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000, hata kama nywila yako ni ndefu kiasi gani.

Baada ya kubadilisha, vifaa vingine vitakataa kujiunga mpaka uvifanye vusahau mtandao wa zamani na kuandika nywila upya. Simu ya iPhone ikiendelea kuonyesha `Weak Security` chini ya jina la mtandao, rauta bado inatumia WEP au TKIP. Na kifaa kisichojua chochote zaidi ya WEP kiunganishwe kwa waya au kibadilishwe, kwa sababu kushusha kinga ya rauta kwa ajili yake ni kuwashusha wote wanaotumia mtandao huo.