Dripu ya Haraka Iliyowageuka Madaktari

Bonyeza ukucha wa kidole chako mpaka nyama ya chini yake iwe nyeupe, kisha uachie. Kwa mtu mzima wa afya wekundu hurudi mara moja. Kwa mtoto mwenye homa kali aliyelegea kitandani, wekundu ukichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, ni dalili kwamba damu haifiki vizuri vidoleni. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kumtundikia mtoto kama huyo dripu ya haraka: maji mengi kwa muda mfupi, ili mishipa ijae na damu izunguke.

Mwaka 2011 ripoti ya jaribio lililoitwa FEAST ilisema dripu hiyo iliongeza vifo. Jaribio lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Liliongozwa na Dakta Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Tangu hapo limekuwa somo zuri kwa wanafunzi wa udaktari wanaojifunza kuhoji ripoti za utafiti. Tumfuate mmoja wao, wa mwaka wa nne, aliyepewa ripoti hii aichambue mbele ya wenzake na mwalimu wake.

Haanzi na hitimisho. Anauliza kwanza nani aliingizwa na nani aliachwa. Walioingizwa ni watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, waliozimia, waliolegea au waliopumua kwa shida, na wenye angalau dalili moja ya damu kutozunguka vizuri. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Walioachwa ni wenye utapiamlo mkali, wanaoharisha, na walioungua au kuumia. Anapigia mstari orodha hiyo ya walioachwa, ataihitaji mwishoni.

Kisha anatazama watoto waligawanywaje. Hapa ndipo upendeleo huingia kimyakimya. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, atampa dripu ya haraka yule aliye hoi zaidi, na mwisho wa siku dripu itaonekana imeua wakati kilichoua ni ugonjwa. Katika FEAST kila mtoto alipangiwa kundi kwa bahasha iliyofungwa, isiyoonyesha kilichomo, na bahasha zilifunguliwa kwa kufuata namba. Makundi yalikuwa matatu: 1,050 walipewa albumini kwa kasi, 1,047 maji ya chumvi kwa kasi, na 1,044 hawakupewa maji ya kasi. Jedwali la hali zao siku ya kwanza linaonyesha makundi yalilingana. Mwanafunzi anatambua jambo ambalo wengi hulikosea: kundi la tatu halikunyimwa matibabu. Lilipata dripu ya polepole, dawa, na damu kwa waliohitaji. Kilicholinganishwa ni kasi. Mtoto wa kilo 10 katika makundi mawili ya kwanza alipewa mililita 200 ndani ya saa moja, na baadaye kipimo hicho cha kuanzia kikaongezwa hadi 400.

Swali la tatu ndilo gumu: je, wahudumu walijua nani anapata nini? Walijua, kwani chupa iliyoshuka haraka haiwezi kufichwa. Wengi wangeishia hapo na kusema jaribio lina dosari. Mwanafunzi anauliza zaidi: dosari hii ingeyasukuma matokeo upande upi? Wahudumu wangekuwa na upendeleo wowote, basi ni kwa dripu ya haraka, kwa kuwa ndiyo waliyofundishwa. Mtoto asiyeipata ndiye wangemhofia na pengine kumwangalia kwa karibu. Kipimo kikuu nacho kilikuwa kifo ndani ya saa 48, na kifo hakibadiliki kwa maoni ya anayeandika faili. Dosari ipo, lakini anaona vigumu peke yake kuzaa matokeo kama haya.

Ndipo anachukua kalamu. Waliokufa ndani ya saa 48 walikuwa 111 kwa albumini, 110 kwa maji ya chumvi, na 76 kwa kundi lisilopewa maji ya kasi. Anayaunganisha makundi mawili ya kasi: vifo 221 kati ya watoto 2,097, yaani asilimia 10.5. Kundi la tatu: 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Tofauti ni kama asilimia 3.3, sawa na kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 30 hivi waliopewa maji ya kasi. Ripoti inasema hatari iliongezeka kwa asilimia 45, ila inakiri kwamba makadirio yanaanzia asilimia 13 hadi 86. Anaandika pembeni: ukubwa wa madhara haujulikani sawasawa, lakini hata mwisho wa chini bado ni madhara.

Mwenzake anaingilia. Jaribio lilipangwa kufikia watoto 3,600, mbona lilisimamishwa likiwa na 3,141? Swali ni zuri, kwa sababu jaribio likikatwa tofauti inapokuwa kubwa, mara nyingi huikuza tofauti hiyo. Hapa kamati huru ya usalama ndiyo iliyoshauri lisimame, na sehemu kubwa ya watoto walikuwa wameshaingia. Aidha, matokeo yalielekea upande mmoja katika vituo na katika makundi mbalimbali ya watoto. Huenda tofauti imekuzwa kidogo. Kuzuliwa tu na bahati ni vigumu.

Mwingine anadai watoto wengi hawakuwa na mshtuko wa kweli kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Ni kweli: waliotimiza kipimo hicho walikuwa 65 tu. Kati yao walikufa 24 kati ya 50 waliopewa maji ya kasi, na 3 kati ya 15 wasiopewa. Mwelekeo ni uleule, ila anakataa kuutegemea, kwani vifo vitatu ni msingi mdogo mno wa kujengea hoja.

Basi ilikuwaje madaktari hodari wasilione hili miaka yote? Jibu limo katika saa ya kwanza. Dalili za mzunguko mbaya wa damu ziliondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya kasi, dhidi ya asilimia 32 ya wasiopewa. Daktari aliyesimama kitandani aliona ukucha ukirudisha wekundu, akashukuru, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kifo kilikuja baadaye, na bila kundi la kulinganisha kilionekana ni kazi ya malaria.

"Kwa hiyo dripu inaua?" mwalimu anamuuliza.

"Hapana, Daktari," anajibu, akirudi kwenye mstari alioupiga. "Mtoto anayeharisha hakuwemo humu, kwa hiyo ripoti haimhusu. Wala haihusu hospitali zenye mashine za kupumulia, maana hizi hazikuwa nazo. Inasema tu kwamba mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, katika hospitali kama hizi, asimwagiwe maji kwa kasi."

"Na kwa nini walikufa?"

"Ripoti hii haijathibitisha."

Wengi walidhani maji yalijaa kwenye mapafu au ubongo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi. Aliyeruka kutoka kwenye hesabu ya vifo hadi kwenye sababu yake mwaka 2011 angekuwa amekosea, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.