METHALI ZA ARUSINI NA MASIKIO YA WAGENI



Darasani tumefundishwa kwamba tafsiri ni ya maandishi na ukalimani ni wa mdomo. Anayetafsiri barua aweza kufuta na kuandika upya hata mara tano. Mkalimani hana nafasi hiyo. Neno likishamtoka limekwenda, na watu wamelisikia. Katika makala haya nitaeleza ukalimani wa aina moja tu, ule wa hotuba ya arusi, na hasa methali zake. Mfano wangu ni arusi moja ya hapa kwetu Matsangoni ambayo kazi ya kufasiri niliifanya mimi. Bwana arusi anafanya kazi Watamu, na miongoni mwa walioalikwa walikuwemo wageni 11 kutoka Uingereza, ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye "jambo". Msemaji alikuwa mzee mmoja, baba mdogo wa bibi arusi.

Kazi ya mkalimani huanza kabla ya arusi yenyewe. Nilikwenda kwa mzee jioni ya kuamkia siku hiyo, nikamwamkia, kisha nikamwuliza mambo mawili: atasema kwa muda gani, na atatumia methali zipi. La muda ni hesabu nyepesi. Kila neno litasemwa mara mbili, kwa hiyo hotuba ya dakika kumi itakuwa ya dakika ishirini, na pilau haingoji. Tukakubaliana dakika sita. Tena tukapatana kwamba atasema sentensi mbili tatu, halafu ashushe bakora yake chini, nami nianze. Sharti langu lilikuwa moja: asiishushe katikati ya methali.

Methali zake zilikuwa tatu, na kila moja ilidai njia yake.

Ya kwanza ni "Haraka haraka haina baraka". Mzee alitaka kuwasifu vijana wale kwa kuwa wamejuana miaka minne kabla ya kuoana. Hapa mkalimani anashawishika kuchukua njia ya mkato, maana Waingereza nao wana methali yao inayosema kwamba haraka huleta hasara. Mtihanini ningepata alama. Lakini mbele ya maarusi, je, utamke hasara? Methali yetu inazungumzia baraka, na baraka ndiyo iliyowaleta watu pale. Kwa hiyo methali yao niliiacha, nikaifasiri yetu neno kwa neno. Ikaeleweka bila maelezo yoyote.

Ya pili ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Hii ukiifasiri neno kwa neno ukanyamaza, mgeni atadhani mwenyeji ni mgonjwa na yeye ameitwa kama daktari! Maneno yanaeleweka, ila picha haijakamilika. Kinachokosekana ni jambo ambalo kwetu halina haja ya kusemwa: akija mgeni kuku huchinjwa, na mwenye nyumba, aliyekuwa akila mboga wiki nzima, naye hupata mnofu. Basi niliitoa methali kama ilivyo, kisha nikaongeza sentensi moja tu kuhusu yule kuku. Mkia wa namna hii usizidi sentensi moja. Ukizidi, methali inageuka kuwa somo, na utamu wake unakwisha.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi: "Mke ni nguo, mgomba kupalilia". Mswahili akiisikia anaona upole ndani yake, yaani mke hutunzwa kama mgomba unavyotunzwa. Lakini ukimwambia Mwingereza kwamba mke ni nguo, ataelewa kitu kingine kabisa: mke ni kitu cha kuvaa na kuvua. Matusi hayo, bwana, tena mbele ya bibi arusi!

Shida iko wapi? Iko kwenye lile neno "ni". Katika methali hii "ni" halisemi kwamba mke na nguo ni kitu kimoja. Nusu ya pili ndiyo inayofungua nusu ya kwanza: kazi ya mgomba ni kuupalilia, na kazi ya mke ni kumvika, na nguo hapa inasimama badala ya matunzo yote. Kiingereza hakina muundo mfupi wa namna hiyo. Kwa hiyo niliigeuza, mgomba nikautanguliza: mgomba humzalia yule anayeupalilia, na mke naye hustawi mikononi mwa anayemvika na kumtunza. Picha zote mbili zilibaki, ila mlango wa kuingilia ndio uliobadilika. Kugeuza huku nilikuwa nimemwomba mzee ruhusa jioni ile, kwa sababu mkalimani hana haki ya kurekebisha maneno ya mtu kwa siri. Mzee alicheka, na siku ya arusi akaongeza la kwake mwenyewe: "Na mume naye ni mgomba, mama, umpalilie!" Vigelegele vikapigwa.

Kazi hii haikuanza leo hapa pwani. Mwaka 1891 mmishonari W. E. Taylor, aliyeishi Mombasa na kujifunza pia Kigiriama, alichapisha London kitabu kizima cha methali za Kiswahili pamoja na maelezo ya Kiingereza. Tofauti ni kwamba msomaji wa kitabu aweza kuisoma methali mara mbili. Msikilizaji wa arusini huisikia mara moja tu.

Ukiacha methali, kuna majina ya ukoo. Mzee alisema "mwanangu", ilhali wageni walikuwa wamekwisha kuonyeshwa baba mzazi wa binti. Kiingereza kina neno moja tu kwa baba mdogo, baba mkubwa na mjomba, na neno hilo halimpi mtu haki ya kusema "mwanangu". Kwa hiyo tangu mwanzo nilimtambulisha kuwa ni mdogo wa babake, ambaye kwetu huitwa baba. "Mkwe" nalo lina mtego wake. Kwa Kiingereza jina hilo hufungwa na neno "sheria", likawa kama jambo la mahakamani. Mzee aliposema "mkwe wangu, karibu nyumbani", nilifasiri kwamba anamkaribisha kijana kama mwana wa nyumba ile.

Tena, mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya msemaji. Mzee akisema "nimefurahi", nami nilisema nimefurahi. Sikusema kwamba mzee anasema amefurahi. Ukiweka "anasema" kila mara, hotuba inakuwa kama taarifa ya habari. Maneno kama "jamani" na "wee" sikuyatafutia neno, niliyaweka katika sauti.

Kuna kitu ambacho hakivuki. Mzee alipotamka "Mgeni njoo…", ukumbi mzima ulimalizia "mwenyeji apone!" Umoja ule wa sauti hauna Kiingereza chake. Niliwaeleza wageni tu kwamba watu wameimalizia methali wenyewe, kwa kuwa kila mtu anaijua. Kadhalika kicheko huja mara mbili, chetu kwanza na chao baadaye, na msemaji asiposubiri cha pili, sentensi inayofuata itazama.

Mtajuaje kama kazi imefaulu? Msiangalie makofi, maana mgeni hupiga makofi kwa adabu. Sikilizeni maswali yao. Wakati wa kula, mama mmoja Mwingereza aliniuliza mgomba hupaliliwa mara ngapi kwa mwaka, maana alitaka kumkumbusha mumewe.