Figo Zimekosa Damu au Zimeumia?

Mgonjwa ametapika na kuharisha siku tatu, mkojo umepungua, na kreatinini katika damu imepanda. Daktari anajiuliza: je, figo ni nzima, ila damu inayozifikia ni haba kwa sababu mwili umekaukiwa maji? Au mirija midogo iliyomo ndani ya figo imeshaumia? Jibu ndilo linaloamua matibabu. Wa kwanza anahitaji dripu. Wa pili, akiongezewa maji mengi asiyoweza kuyatoa, yanaweza kumjaa mapafuni.

Mkojo husaidia kujibu. Figo huchuja sodiamu nyingi kutoka kwenye damu, kisha mirija hurudisha karibu yote. Damu ikipungua, mirija mizima huing'ang'ania sodiamu zaidi ili maji nayo yabaki mwilini. Mirija iliyoumia haiwezi, hivyo sodiamu huponyoka.

Kwa hiyo sodiamu na kreatinini hupimwa kwenye damu na kwenye mkojo uliochukuliwa wakati huohuo. Sodiamu ya mkojo huzidishwa kwa kreatinini ya damu. Kisha sodiamu ya damu huzidishwa kwa kreatinini ya mkojo. Jibu la kwanza hugawanywa kwa la pili, na kuzidishwa kwa 100. Asilimia iliyo chini ya 1 huashiria upungufu wa damu. Ikizidi 2, huashiria mirija iliyoumia.

Sasa tuseme mgonjwa wetu ni mama mwenye ugonjwa wa moyo, anayemeza furosemaidi, dawa ya kukojoza. Sodiamu yake ni 135 katika damu na 81 katika mkojo. Kreatinini ni 200 katika damu na 4,000 katika mkojo. Hesabu inatoa asilimia 3, kana kwamba mirija imeumia. Lakini furosemaidi yenyewe huizuia mirija kurudisha sodiamu, hata ikiwa mizima.

Hapo ndipo yurea inaposaidia. Sehemu kubwa ya yurea hurudishwa mwanzoni mwa mrija, kabla ya mahali furosemaidi inapofanyia kazi. Hesabu ni ileile, ila yurea inashika nafasi ya sodiamu: chini ya 35 ni upungufu wa damu, zaidi ya 50 ni mirija iliyoumia. Yurea ya mama huyu ni 20 katika damu na 100 katika mkojo, nayo inatoa asilimia 25. Basi figo zake zina kiu ya damu.

Hata hivyo, yurea nayo hupotosha, hasa kwa mwenye maambukizi makali ya damu. Na sodiamu inaweza kuwa chini ya asilimia 1 ilhali mirija imeumia, kwa mfano misuli inapovunjika na kumwaga protini yake kwenye damu. Kwa hiyo daktari hutazama pia mkojo kwa hadubini, akitafuta vipande vya kahawia vya mirija iliyokufa. Kisha humpa mama maji kwa kiasi, kwa kuwa moyo wake ni dhaifu, huku akisikiliza mapafu. Mkojo ukirudi na kreatinini ikishuka ndani ya siku mbili tatu, hesabu ya yurea imethibitishwa.